Alikula paraza usiku, akafa siku ya pili: je, kisu kingemwokoa?

Swali: "Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa hapa Njombe. Wiki iliyopita mmoja, chotara wa Frisiani mwenye mimba ya miezi mitano, alikata kamba usiku akala paraza ya kuku. Kiroba kilikuwa cha kilo 25, asubuhi nikakuta imebaki robo. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umejaa kidogo. Nikamnywesha nusu lita ya mafuta ya kula, maana mwaka jana aliyevimba kwa lusini mbichi alipona kwa hayo hayo. Huyu akaharisha, akalala, jioni ya siku ya pili akafa. Jirani alitaka kumtoboa kwa kisu, nikakataa. Je, angetobolewa angepona? Na hiyo asidi ya tumboni inayosemwa, inapimwaje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kisu kisingemwokoa, na ulifanya vyema kukizuia. Mafuta nayo hayakumwua, ila hayakuwa dawa ya kilichomshika. Ng'ombe wa mwaka jana na huyu wa wiki iliyopita walivimba upande ule ule, lakini waliugua vitu viwili tofauti. Wa lusini alizuiwa kupumua na povu. Wa paraza alilemewa na asidi, na ule uvimbe mdogo uliouona asubuhi ulikuwa jambo dogo kuliko yote yaliyokuwa yakiendelea ndani.

Nianze na usiku ule. Tumbo kubwa la ng'ombe, yaani rumeni, limejaa upande mzima wa kushoto na kwa ng'ombe mzima hubeba lita 100 na zaidi. Humo wanaishi vijidudu wanaomeng'enya majani polepole. Kazi yao hutoa asidi kila saa, lakini asidi hiyo ni hafifu, hufyonzwa na kuta za tumbo, na ndiyo inayompa ng'ombe nguvu. Inayobaki hupoozwa na mate. Ng'ombe anayecheua vizuri humeza mate zaidi ya lita 100 kwa siku, na mate hayo yana chumvichumvi zinazoua ukali wa asidi. Ndiyo maana majani marefu ni kinga: yanamfanya acheue, na kucheua kunaleta mate.

Paraza haichezewi hivyo. Mahindi yaliyopasuliwa yana wanga ulio wazi, hauhitaji kutafunwa, na humezwa karibu bila mate. Kuna bakteria ndani ya rumeni ambao kwa kawaida ni wachache, lakini wakikuta wanga mwingi kwa ghafla huzaana kwa kasi kubwa na kutoa asidi laktiki, ambayo ni kali mara nyingi kuliko zile za kawaida. Kadiri asidi inavyopanda, vijidudu wa majani wanakufa, wanabaki wale wanaoipenda asidi, nao wanaongeza nyingine. Ukifika hapo mzunguko unajiendesha wenyewe hata kama kiroba umeshakiondoa.

Kisha yanakuja maji. Rumeni iliyojaa asidi laktiki inakuwa nzito kuliko damu, hivyo inavuta maji kutoka mwilini kuja tumboni. Ng'ombe anakaukiwa huku tumbo likijaa maji. Macho yanazama, pua inakauka, mkojo unapungua, halafu anaharisha uji wenye harufu ya uchachu na ndani yake unaona punje za mahindi. Asidi inaingia kwenye damu, moyo unaenda mbio, anayumba kama mlevi, analala. Aliyekula kipimo kikubwa hufa kati ya siku moja na tatu. Wako alifuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Tupige hesabu yake. Alikula kama kilo 18 au 19. Nikichukulia alikuwa na uzito wa kilo 400, hiyo ni karibu gramu 47 za paraza kwa kila kilo ya mwili. Kwa ng'ombe ambaye tumbo lake halijazoea nafaka, kiwango hicho kinaua. Ng'ombe aliyezoeshwa nafaka kwa wiki kadhaa angeweza kula kiasi hicho akaugua na kupona, kwa sababu tumboni mwake wapo tayari vijidudu wanaokula asidi laktiki. Ndiyo maana utasikia mtu akisema "wangu alikula gunia na hakufa", naye hadanganyi.

Kinachowaponza wafugaji wengi ni ile asubuhi. Saa kumi na mbili alfajiri ng'ombe amesimama, anakuangalia, pengine anacheua kidogo, na wewe unapumua. Asidi huchukua saa kadhaa kujijenga, na dalili nzito huja kati ya saa 12 na 36 baada ya kula. Kwa hiyo ule wakati anaoonekana mzima ndio wakati wa kumtibu. Ukisubiri aharishe ndipo upige simu, umeipa asidi nusu siku ya kufanya kazi.

Sasa jinsi ya kuwatofautisha ukiwa bandani, bila kifaa. Kunja ngumi uikandamize kwenye kile kishimo cha kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, chini kidogo ya uti wa mgongo. Tumbo lenye afya linabonyea kama unga uliokandwa na kubaki na alama kidogo, na ukiacha mkono hapo dakika mbili utahisi likikusukuma mara mbili au tatu. Mwenye gesi au povu, pale pamekaza na kuinuka, wakati mwingine juu ya usawa wa mgongo, na ukipiga kwa kidole panalia kama ngoma. Mwenye asidi, pale hapajakaza sana. Ukisukuma kwa nguvu chini zaidi na kuachia unasikia maji yakichapa ndani, na tumbo halisukumi mkono wako hata kidogo, limenyamaza.

Tazama pia kasi ya mambo. Mwenye kujaa gesi anapata shida mbele ya macho yako: anapiga teke tumbo, ananyosha shingo, anapumua kwa mdomo, ulimi nje, anakojoa mara kwa mara. Anaweza kufa ndani ya saa moja au chache, kwa sababu tumbo lililojaa linasukuma kiwambo, mapafu hayapati nafasi na damu hairudi vizuri kwenye moyo. Mwenye asidi anazama taratibu, anapoa, anakuwa mjinga. Hesabu mapigo chini ya mkia, kwenye mshipa ulio katikati, karibu na shina: chini ya 100 kwa dakika tuna matumaini, akifika 120 hadi 140 hali ni mbaya. Halafu kuna mtego mmoja. Mwenye asidi akilala akageuza kichwa ubavuni, watu wengi huona homa ya maziwa na kukimbilia chupa ya kalsiamu. Muulize aliyemwona jana alikula nini kabla ya kufungua chupa hiyo.

Umeuliza asidi inapimwaje. Kipimo ni pH, na kinasomwa kinyume: namba ikishuka, asidi imepanda. Rumeni ya ng'ombe anayekula majani iko kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 5.5 tumbo liko matatani hata kama ng'ombe bado anakula. Chini ya 5 ni asidi kali kama ya huyu wako. Usidhani kutoka 6.5 hadi 5 ni hatua ndogo: kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo hapo asidi imeongezeka zaidi ya mara 30.

Daktari hupata maji ya rumeni kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mpira mdomoni hadi tumboni na kuvuta kidogo. Hapo tunamwaga kikombe cha kwanza, maana mate yaliyoshuka na mpira yanapandisha namba na kukudanganya kwamba hali ni nzuri. Ya pili ni sindano ndefu inayoingizwa chini ubavuni kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho, baada ya kunyoa na kusafisha. Hiyo haina mate ila ni kazi ya daktari, usiijaribu. Kisha unachovya karatasi ya kupimia pH na kulinganisha rangi. Nunua zile zinazoonyesha nusu nusu kati ya 4 na 7, si zile zinazobadilika kati ya nyekundu na buluu tu.

Lakini hata kabla ya karatasi, macho na pua vinatosha kukupa mwelekeo. Maji mazima ya rumeni ni ya kijani cha mzeituni, mazito kiasi, yana harufu ya majani yaliyovundikwa. Ya mwenye asidi ni ya kijivu kama maziwa yaliyochanganywa na maji, mepesi, yana uchachu unaochoma puani. Nikiweka tone chini ya darubini, kwenye maji mazima naona protozoa wakikimbia huku na huko wamejaa. Kwenye ya asidi hakuna kinachotikisika.

Kwako nyumbani kuna kipimo rahisi zaidi, japo huchelewa kuonyesha: mkojo. Papasa taratibu ngozi iliyo chini ya uke wa ng'ombe, juu chini, dakika moja au mbili, wengi watakojoa. Mkojo wa ng'ombe anayekula majani huwa na pH ya juu ya 7, mara nyingi 8. Ukikuta umeshuka kukaribia 5 na amekula nafaka, asidi imeshafika kwenye damu.

Sasa tuseme ni alfajiri ile tena, umefungua banda na kiroba kiko chini. Ondoa kila chembe ya paraza, pumba na mashudu mbele yake. Mpe nyasi kavu ndefu au mabua, kadiri anavyotaka. Maji mzuie au mpe kidogo sana kwa saa 12 hadi 24 za mwanzo, maana akinywa ndoo tatu kwa mpigo anazidisha kulowanisha wanga na kulijaza tumbo ambalo tayari linavuta maji. Mtembeze polepole dakika chache kila saa. Na piga simu wakati huo huo, useme kilo alizokula na saa, usiseme tu "ng'ombe amevimba".

Dawa ya kwanza ni ya kuua asidi, nayo inayofaa zaidi ni hidroksidi ya magnesiamu ya unga, kipimo cha gramu moja kwa kilo ya uzito. Kwa wako ingekuwa gramu 400, iliyokorogwa kwenye lita 10 za maji ya vuguvugu, ikapitishwa kwa mpira hadi tumboni. Watu huniambia wamempa ile dawa nyeupe ya kiungulia ya dukani, ambayo kweli ni dawa hiyo hiyo. Tatizo ni kiasi. Chupa ya mililita 100 ina gramu 8 hivi, kwa hiyo ungehitaji lita tano, sawa na chupa hamsini. Chupa moja au mbili kwa ng'ombe wa kilo 400 ni bure.

Bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, nayo inaua asidi na iko karibu kila duka. Lakini inapokutana na asidi hutoa gesi, kama unavyoona ukiidondoshea ndimu. Gramu 250 zikiyeyuka zote kwenye asidi zinaweza kutoa zaidi ya lita 70 za gesi. Ng'ombe mwenye tumbo linalofanya kazi atazibeua. Tumbo la mwenye asidi limesimama, habeui, na hapo unamwongezea ugonjwa wa pili. Kama huna kingine kabisa na daktari yuko mbali, mpe gramu 100 kwenye lita tano za maji, subiri saa moja ukitazama ubavu wa kushoto, ndipo urudie. Uwe na mpira wa tumbo mkononi. Magadi ya jiwe ni makali zaidi na huwezi kujua umepima kiasi gani, kwa hiyo mimi siyapendi kwa kazi hii. Chokaa ya kupakia ukuta usithubutu, inaunguza.

Kwa kipimo alichokula wako, hata hivyo, dawa peke yake nisingeitegemea. Ukimpa cha kuua asidi iliyopo, kilo 18 za wanga bado zimo ndani zikitengeneza nyingine. Njia ya kweli ni kuutoa. Daktari hupitisha mpira mpana, wa karibu sentimita 2.5 kwa ndani, anajaza maji ya vuguvugu, anashusha mwisho wa mpira chini ili yatoke na paraza, kisha anarudia mara 15 hadi 20 mpaka yatoke masafi. Au anapasua ubavu kwa ganzi akiwa amesimama, anaifungua rumeni na kuichota kwa mikono. Ng'ombe aliyekula kiasi hiki na kukutwa alfajiri, mimi ningempasua kabla ya saa sita mchana, angali amesimama. Kinachofuata ni maji ya bikaboneti kwa mshipa, lita tano za asilimia 5 ndani ya nusu saa ya kwanza kisha mengine mepesi kwa saa nyingi, penisilini kwa siku tano hivi, na vitamini B1. Hayo yote ni kazi ya daktari, na kwa ng'ombe mmoja gharama yake inaweza kukaribia bei ya mtamba. Ndiyo maana kuna wafugaji wanaoamua kumchinja mapema, kabla hajaugua, mkaguzi wa nyama akiwepo. Huo nao ni uamuzi wa busara, ili mradi usingoje mpaka ameanza kuharisha.

Siku ya pili au ya tatu, asidi ikishashuka, tunamrudishia vijidudu. Nenda machinjioni, kamua rumeni ya ng'ombe mzima aliyepita ukaguzi kupitia kitambaa safi, upate lita 8 hadi 16, zikae kwenye chombo kinachotunza joto, apewe siku hiyo hiyo. Ukimpa mapema, tumbo likiwa bado chini ya 5, umewapeleka kufa.

Angepona, bado ningekuomba umtazame kwa wiki kadhaa. Asidi huchubua ukuta wa rumeni, bakteria na ukungu hupenya hapo na kwenda kwenye ini, kwa hiyo anaweza kurudi kuugua siku ya tano baada ya kuonekana amepona. Kwato huuma na anatembea kama anakanyaga moto. Na mimba ile ya miezi mitano ingeweza kutoka.

Nije kwenye kisu cha jirani, maana kuna siku kitahitajika, ila si kisu cha jikoni. Kujaa kwa gesi kuna namna mbili. Ya kwanza ni gesi huru: ng'ombe amekwama kiazi, embe au gunzi kooni, au amelala ubavu kwa muda mrefu, au ana homa ya maziwa, hawezi kubeua. Ya pili ni povu, kama la lusini yako: protini za majani machanga ya jamii ya kunde hufunga gesi kwenye viputo vidogo vidogo, na povu haliwezi kubeuliwa hata koo likiwa wazi. Ng'ombe hutengeneza lita 30 hadi 50 za gesi kwa saa baada ya kula, ndiyo maana inakimbia hivyo.

Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu, kwenye mteremko. Mfunge kijiti mdomoni kwa kamba inayopita nyuma ya masikio, akitafune, mate yashuke na koo lifunguke. Kama unajua kupitisha mpira, upitishe: mita tatu hivi, unene wa kidole gumba, kupitia kipande cha mbao chenye tundu ambacho anakiuma asije akaukata. Akikohoa au ukihisi pumzi ikitoka mpirani kwa kufuata kupumua kwake, uko mapafuni, toa. Ukifika tumboni utasikia harufu ya majani yaliyochacha. Gesi ikifoka na ubavu ukashuka, ilikuwa gesi huru, umemaliza. Ikitoka povu tu, au kisitoke kitu, ni povu, na hapo ndipo mafuta yanapofanya kazi: mililita 250 hadi 500 za mafuta ya alizeti au ya mahindi, kupitia mpira huo huo, kisha mtembeze yachanganyike. Mafuta yanavunja viputo na gesi inaungana, anabeua. Ndicho kilichomponya wa mwaka jana. Mafuta ya taa na ya injini usimpe.

Ukinywesha kwa chupa badala ya mpira, kichwa kisiinuliwe kupita usawa wa mgongo, usimvute ulimi, na umpe mdomo mmoja mmoja. Mafuta yakiingia mapafuni hayatoki, na nimeona ng'ombe waliopona kuvimba wakafa kwa nimonia wiki iliyofuata. Aliyelala na kulegea usimnyweshe kitu kwa chupa kabisa.

Kutoboa ni pale ulimi umekuwa wa buluu, anayumba kuanguka, na mpira huna au haupiti. Kifaa chake ni trokari, chuma chenye ncha ndani ya bomba. Ni kushoto tu, kamwe si kulia, katikati ya kile kishimo pale palipoinuka zaidi. Chana ngozi kidogo kwanza, kama sentimita mbili, kisha sukuma kwa nguvu kuelekea chini na mbele, kama unalenga kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Toa chuma, acha bomba, na ulishike lisichomoke tumbo likishuka. Povu likiliziba, mimina mafuta kupitia bomba hilo hilo. Hata hapo tundu jembamba mara nyingi halitoshi kwa povu, na daktari hulazimika kupasua pana zaidi. Baadaye lazima sindano za antibiotiki, kwa sababu kila tundu linavujisha uchafu wa rumeni kwenye tumbo la ndani. Kwa wako, ambaye rumeni ilikuwa imejaa maji ya asidi na gesi kidogo tu, kisu kingemwaga asidi ile kati ya utumbo na kumpa kifo cha pili juu ya cha kwanza.

Jambo moja sikulisoma kwenye swali lako, nalo nalisema kwa sababu majirani watasoma. Mzoga wowote huvimba baada ya kufa. Ukikuta ng'ombe amekufa ghafla, amevimba, na damu isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja, usiseme ni gesi, usimpasue na usigawe nyama. Inaweza kuwa kimeta, ambacho kinaua na watu. Funika, zuia mbwa, mwite afisa mifugo.

Kwa hao wawili waliobaki, ukiwapa pumba au paraza, gawanya kwa milo miwili au mitatu, isizidi kilo mbili kwa mlo mmoja, na wapate majani kwanza. Kama hawajazoea, anza na nusu kilo na upandishe kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu. Lusini ikate leo jioni uwape kesho ikiwa imenyauka, nao wawe wameshakula nyasi. Wakipata mapumziko ya wiki moja bila nafaka, usirudi pale ulipoachia, anza tena chini. Na hicho kiroba cha kuku kihamishie kwenye pipa lenye mfuniko wa kubana, upande wa nyumba ambao kamba ya ng'ombe ikikatika bado kuna mlango mwingine mbele yake.